Mtoto Aliyechelewa Asigeuke Mtoto Asiyekuja



Wasomaji wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wana mtoto, mjukuu au mpwa aliyekwenda bara kutafuta riziki na kulea huko huko. Mwezi uliopita tulimzuru mpwa wetu mmoja anayekaa Kamakis, huko Ruiru, karibu na pale baipasi ya mashariki inapokutana na barabara kuu ya Thika. Mgeni huijua Kamakis kwa moshi wa nyama choma jioni. Wakaaji wake huijua zaidi kwa asubuhi zake: matatu zinazopita zimejaa, bodaboda zinazochomoza kila upande, na watoto wa sare wamesimama kando ya njia wakitazama magari yasiyosimama.

Tulipofika tulimkuta mpwa wetu hana raha. Alitukaribisha kwa heshima zote, akatuandalia chai, kisha akatuletea karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mjomba," akasema, "nisomee hii, uniambie kosa langu ni lipi."

Ilikuwa tangazo kutoka shule anayosoma mwanawe wa Gredi ya Nne. Lilisema kwamba lango litafungwa saa mbili kamili, kwamba mtoto atakayechelewa mara tatu atarudishwa nyumbani, na kwamba majina ya wazazi wasiojali yatabandikwa langoni. Shule hatutaitaja, kwani walimu wake si watu wabaya, nao baadaye walitusikiliza vizuri. Tangazo lile liliandikwa na mtu aliyechoka kuona viti vitupu. Lakini tazameni lilizaa nini.

Siku ya Jumanne kijana yule, mwenye umri wa miaka tisa, alikosa matatu tatu mfululizo. Alipofika karibu na shule aliona lango limefungwa na karatasi imebandikwa. Hakusogea asome kama jina la mamake limo. Aligeuka, akaenda kukaa nyuma ya safu ya maduka penye yadi ya mbao, mpaka wenzake walipotoka saa tisa na nusu. Kisha akarudi nyumbani pamoja nao kama kwamba alikuwa darasani. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Mamake alipata habari Jumatatu iliyofuata, mwalimu wa darasa alipompigia simu kumwuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Kabla ya karatasi ile, mtoto huyu alikuwa akikosa dakika ishirini za masomo kwa siku. Baada yake alikosa siku nne nzima, tena akizipitisha peke yake, karibu na barabara ya magari ya kasi, bila mtu mzima hata mmoja kujua alipo. Tangazo lililokusudiwa kuleta mahudhurio lilimfanya mtoto mwenye kuchelewa kuwa mtoto asiyekuja kabisa. Hilo ndilo tunalotaka wazazi na walimu walitazame pamoja nasi. Aibu haimwongezei mtoto mwendo njiani, bali humfundisha kujificha.

Tulikwenda shuleni pamoja na mpwa wetu. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mpole, akatutolea daftari la mahudhurio. Tukamwomba jambo moja: asituambie mtoto amechelewa mara ngapi tu, bali atuonyeshe ni siku zipi. Tukazihesabu siku ishirini za masomo zilizotangulia tangazo lile. Mtoto alikuwa amechelewa mara tisa. Mpwa wetu akazitazama tarehe hizo, akanyamaza kidogo, kisha akatoa katika mkoba wake kikaratasi cha zamu za kazini.

Anafanya kazi kiwandani. Wiki moja huingia zamu ya asubuhi, na hapo lazima apige kadi saa kumi na mbili, kwa hiyo hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Wiki inayofuata huingia saa nane mchana na kutoka saa nne usiku. Katika zile siku tisa za kuchelewa, nane zilikuwa za wiki za zamu ya asubuhi. Moja tu ilikuwa ya wiki aliyokuwapo nyumbani, na siku hiyo mvua ilinyesha tangu usiku.

Mwalimu alilitazama daftari lake kama mtu anayeliona mara ya kwanza. Kwa muda wote ule alidhani ana mtoto mvivu na mama asiyejali. Kumbe daftari lenyewe lilikuwa limeandika sababu, ila hakuna aliyelisoma kwa namna hiyo. Hapa tunawapa walimu na wazazi ufunguo ulio rahisi: kuchelewa kuna sura nyingi, na kila sura ina siku zake. Mtoto anayechelewa wiki moja na kuwahi inayofuata, uliza zamu ya mzazi. Anayechelewa siku za mvua, tazama njia anayopita. Anayeanza kukosa katika siku za mwisho wa mwezi, pengine nauli imekwisha kabla ya mshahara. Anayechelewa kila siku kwa dakika zile zile, mvua ije isije, huyo mara nyingi tatizo lake limo ndani ya nyumba, na tutalieleza mbele. Na yule aliyekuwa akiwahi, akaanza ghafla kukosa siku ya somo moja au ya mwalimu mmoja, huyo msimwulize habari ya matatu. Mwulizeni kwa upole anaogopa nini.

Likabaki swali la matatu. Kutoka nyumbani kwa mpwa wetu hadi shuleni ni kama kilomita mbili. Asubuhi, makondakta humtaka abiria wa mbali anayelipa nauli kamili. Mtoto anayeshuka kituo cha pili hupitwa, hata akiwa na pesa mkononi. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa akifika steji mapema na bado akichelewa. Tangu mwaka 2003 elimu ya msingi katika shule za serikali imekuwa bila karo, na hilo ni jema kubwa. Lakini nauli ya kila asubuhi haikufutwa na mtu yeyote, na kwa nyumba nyingi za pembezoni mwa mji nauli ndiyo karo iliyobakia.

Je, dakika ishirini zina uzito gani? Somo la kwanza katika darasa lile huanza saa mbili na dakika ishirini baada ya gwaride, na huchukua dakika thelathini na tano. Kijana alikuwa akiingia kama saa mbili na dakika arobaini. Siku tatu za wiki somo hilo la kwanza ni Hisabati. Katika zile siku tisa, sita ziliangukia Hisabati. Ndiyo kusema mara sita aliingia darasani zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, maelezo yamekwisha, wenzake wanafanya zoezi. Mwezi huo walikuwa wakifundishwa sehemu za nambari. Kwenye ripoti yake palikuwa pameandikwa kwamba Hisabati inamshinda. Haikumshinda, hakuwapo ilipokuwa ikifundishwa. Mtoto anayechelewa hapotezi kidogo kidogo katika kila somo. Hupoteza lile lile moja la asubuhi, siku baada ya siku, mpaka yeye mwenyewe aamini kwamba hana akili ya somo hilo.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwaambia wazazi kwamba kuchelewa si kitu. Ni kitu, na mtoto ndiye anayelipa. Tunachokataa ni kumlipisha mara mbili.

Sheria yenyewe imeshika njia hiyo ya kati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto anahudhuria shule bila kukatiza, na mzazi anayepuuza bila sababu ya maana anaweza kushtakiwa. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwanza kwa nini mtoto hayuko shuleni, ndipo amwandikie mzazi onyo ikiwa hakuna sababu ya maana. Tena inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kumwumiza mwili au kumdhalilisha nafsi. Kuuliza kunatangulia onyo. Karatasi ya langoni iliruka hatua ya kwanza.

Mwalimu mkuu alipoyasikia hayo hakukasirika. Alituambia, "Basi Sheikh, nisaidie kuandika itakayofaa." Tukakaa na mwalimu wa darasa na mpwa wetu, tukaandika ujumbe ufuatao. Tunauweka hapa mzima, ili shule, au hata chuo cha Kurani cha mtaani, kiweze kuutumia kwa kubadilisha saa tu.

"Mzazi au mlezi mpendwa,

Kengele yetu hulia saa mbili asubuhi. Tunaomba mtoto wako awe langoni ifikapo saa moja na dakika hamsini, kwa sababu somo la kwanza halirudiwi na mtoto anayelikosa hubaki nyuma katika somo hilo hilo kila mara.

Tunajua kwamba baadhi ya nyumba zina zamu za kazi, shida ya nauli au njia mbaya wakati wa mvua. Ikiwa nyumba yako ni mojawapo, tafadhali tujulishe. Huna haja ya kueleza mambo ya ndani. Tuma jina la mtoto, darasa lake, na neno moja: KAZI, NAULI, NJIA, UGONJWA au JINGINE. Ujumbe huo utasomwa na mwalimu wa darasa peke yake.

Mtoto akichelewa, aje hivyo hivyo. Lango litafunguliwa. Hatarudishwa nyumbani, hatapigwa, wala hataulizwa mbele ya wenzake. Tutaandika saa aliyofika, naye ataonyeshwa kazi aliyoikosa wakati wa mapumziko.

Asipoweza kuja kabisa, tujulishe kabla ya saa tatu asubuhi. Tusipopata habari tutakupigia simu ili tuwe na hakika kwamba yuko salama.

Akichelewa mara tatu katika wiki mbili, tutaomba kuzungumza nawe kwa saa utakayoweza, hata kwa simu, tutafute njia pamoja."

Tueleze kidogo kwa nini tuliandika hivyo. Saa imetajwa mwanzoni kabisa, waziwazi, na sababu yake ikafuata. Upole haumaanishi kuificha saa, na mzazi anayeweza kuwahi anastahili kujua hasa anachotakiwa. Yale maneno matano yamewekwa kwa sababu mzazi mwenye staha hataandika barua ya kusema hana nauli. Neno moja huweza kulituma, hata akiwa ndani ya matatu, hata kama hakusoma sana. Ahadi ya kwamba lango litafunguliwa ndiyo iliyozua mjadala mrefu. Mwalimu mmoja alisema, "Tukifungua lango, wote watachelewa." Tukamjibu kwamba mtoto aliyechelewa akiwa ndani ya lango unaweza kumfundisha na kujua habari yake, na akiwa nje huwezi lolote. Anayezoea kuchelewa bila sababu ataonekana katika daftari, na simu ya mara ya tatu itamfikia mzazi wake.

Ile saa tatu ya kutoa habari ina kazi kubwa kuliko zote. Laiti ingalikuwapo, mpwa wetu angalijua Jumanne ile ile kwamba mwanawe hayuko darasani, badala ya kujua baada ya siku nne za yadi ya mbao.

Sasa turudi kwa mtoto, maana ujumbe mzuri peke yake haumfikishi shuleni. Bodaboda ilitajwa mwanzo, kwamba watoto watatu wa ploti ile wapakiwe pamoja ili gharama igawanywe. Tulilikataa hilo. Pikipiki kisheria hubeba abiria mmoja, na watoto watatu nyuma ya dereva karibu na baipasi ni hatari isiyolingana na kuwahi kengele. Ikaonekana afadhali miguu. Watoto wengine wawili wa ploti husoma shule hiyo hiyo, na mzee mmoja mstaafu hapo huamka mapema. Alipoombwa alifurahi kuwaongoza katika wiki za zamu ya asubuhi, kwa njia ya ndani isiyokata barabara kuu. Katika wiki nyingine mpwa wetu huwaongoza yeye, watoto wote watatu. Hivyo hakuna aliyefanywa kuwa wa kusaidiwa tu.

Saa yao tuliipanga kwa kurudi nyuma. Langoni saa moja na dakika hamsini. Mtoto wa umri ule hutembea kilomita mbili kwa nusu saa hivi, na siku ya tope huchukua dakika arobaini. Tulihesabu siku ya tope, si siku ya ukavu. Basi saa ya kutoka ni saa moja na dakika kumi. Hiyo ndiyo iliyoandikwa mlangoni kwa kalamu nene, wala si saa mbili ya kengele. Nyumba nyingi huchelewa kwa sababu zinaikumbuka saa ya kufika na hazina saa ya kutoka.

Na hapa tuzungumze na wale ambao daftari litaonyesha kuchelewa kwa kila siku, dakika zile zile. Tunasema nao kama ndugu. Mara nyingi asubuhi huharibika usiku. Soksi moja haionekani, sare iko kwenye maji, daftari halijatiwa sahihi, mtoto amelala saa tano kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwake. Tayarisheni vitu vinne kabla ya kulala: sare, viatu, mkoba na chakula cha kubeba. Nyumba yetu ya Kiislamu ina fadhila ya kuamshwa na Alfajiri, na huku kwetu karibu na Ikweta jua halibadilishi sana saa yake mwaka mzima. Anayebaki macho baada ya swala ana zaidi ya saa moja kabla ya kutoka. Anayerudi kitandani ndiye huamka kwa kishindo. Lakini mama aliyetoka kazini usiku wa manane akalala baada ya swala, huyo tusimtie katika hesabu hii. Yeye anahitaji jirani zaidi ya nasaha. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwezi uliofuata mwalimu alimpigia mpwa wetu, naye akatueleza. Katika siku ishirini mtoto alichelewa mara tatu: mbili kwa mvua, moja kwa sababu mzee aliumwa na mguu. Hakukosa siku hata moja. Hatukuambiwa kwamba amekuwa wa kwanza katika Hisabati. Mwalimu humkalisha dakika kumi wakati wa mapumziko kumrudisha kwenye sehemu za nambari, na bado ana safari.

Wala hatusemi kwamba njia hii inatosha kila nyumba. Ikiwa shule iko mbali kwa matatu mbili na nauli haipatikani, karatasi haitaileta. Hapo pengine shauri ni kuomba uhamisho kwenda shule iliyo karibu muhula ukianza, au kumwomba msimamizi wa kazi zamu nyingine, au msikiti na majirani kuchanga nauli kimya kimya bila kumtaja mtu. Lakini hakuna lolote katika hayo litakaloanza ikiwa mzazi anaogopa kusema, na hatasema ikiwa jina lake linaweza kuishia langoni.

Basi wazazi wetu, leo jioni fanyeni jambo moja. Mwulizeni mtoto, bila kufoka, "Siku ukichelewa, hufanyaje?" Akijibu kwamba huingia darasani, mshukuruni Mwenyezi Mungu na muirekebishe saa ya kutoka. Akisita, au akitazama chini, msimpige wala msimtishe. Mwambieni kwamba njia ya mtoto aliyechelewa ni moja tu, nayo ni kuelekea lango la shule, na kwamba nyinyi mtamsimamia atakapofika hapo. Kisha kesho mpigieni mwalimu wake simu kabla hajawapigia yeye.

Wabillahi tawfiq.